Kuunganisha vituo 8 vya kijiji kwa barabara fupi kuliko zote: jinsi ya kuchagua njia moja moja bila kufunga mzunguko

Kijiji kina vituo 8 ambavyo watu lazima wavifikie hata masika: Ofisi ya kijiji, Soko, Zahanati, Shule, Kisima, Mashine ya kusaga, Ghala la mazao na Josho. Kati yake zipo njia 13 za udongo. Fedha za kuchonga na kumwaga changarawe hazitoshi zote, kwa hiyo swali ni moja: tutengeneze njia zipi ili mtu aweze kutoka kituo chochote na kufika kingine chochote akikanyaga changarawe tu, huku jumla ya mita ikiwa ndogo kuliko mpango mwingine wowote?

Katika hisabati ya grafu jibu la swali hili linaitwa mti unganishi mdogo kabisa. Ni mti kwa sababu hauna mzunguko, yaani hakuna mahali unapoweza kutoka kituoni, ukaendelea mbele bila kupita njia ileile mara mbili, ukajikuta umerudi ulipoanzia. Ni unganishi kwa sababu unagusa kila kituo na kuviweka vyote katika mtandao mmoja. Kijiji hapa ni cha mfano na mita zake zimepangwa ili kila jambo lionekane, lakini hatua ni zilezile hata kama vituo vyako ni 40.

## Orodha ya njia kabla ya hesabu

Kazi kubwa hufanyika hapa, na makosa mengi huzaliwa hapa. Kila njia inahitaji vitu vitatu tu: kituo cha kwanza, kituo cha pili na urefu. Urefu upimwe kwa kutembea njia yenyewe, kwa gurudumu la kupimia au kwa simu inayorekodi GPS unapotembea. Mstari ulionyooka uliochorwa kwenye ramani haufai, kwa sababu njia ya kijijini hukwepa mashamba, mibuyu na mabonde.

Angalia pia njia panda. Tuseme njia ya Ofisi–Soko na ile ya Zahanati–Soko hukutana mita 200 kabla ya sokoni na kuendelea pamoja. Ukiziandika kama njia mbili zisizohusiana, mita hizo 200 zimeingia kwenye orodha mara mbili, na hesabu itadhani kila moja inajengwa peke yake. Dawa ni kuifanya njia panda iwe kituo cha 9 chenye jina lake, kisha kuandika vipande vitatu: Ofisi–Njia panda, Zahanati–Njia panda na Njia panda–Soko. Hesabu ikiisha na njia panda ikabaki imeshikwa na kipande kimoja tu, kifute kipande hicho, kwa kuwa hakuna mtu anayesafiri kwenda njia panda yenyewe. Ufutaji huo hautoshi kukuhakikishia jibu bora pale njia panda zinapokuwa nyingi. Kuamua zipi zitumike na zipi ziachwe ni tatizo jingine, gumu zaidi, na hatua za hapa hazilitatui. Katika mfano wetu tuchukulie kwamba njia hukutana vituoni tu.

Baada ya kupima, panga njia zote kuanzia fupi hadi ndefu:

| Na. | Njia | Mita |
|---|---|---|
| 1 | Soko–Mashine | 200 |
| 2 | Shule–Zahanati | 300 |
| 3 | Kisima–Josho | 400 |
| 4 | Soko–Ghala | 450 |
| 5 | Mashine–Ghala | 500 |
| 6 | Zahanati–Ofisi | 600 |
| 7 | Shule–Ofisi | 650 |
| 8 | Ofisi–Soko | 700 |
| 9 | Zahanati–Soko | 800 |
| 10 | Ghala–Shule | 900 |
| 11 | Mashine–Kisima | 1100 |
| 12 | Ghala–Josho | 1200 |
| 13 | Ofisi–Kisima | 1500 |

Zote pamoja ni mita 9300.

Idadi ya njia katika jibu inajulikana kabla hujaanza. Mwanzoni una vituo 8 vilivyotengana, na kila njia unayoichukua huunganisha makundi mawili kuwa moja, kwa hiyo idadi ya makundi hupungua kwa 1. Kutoka makundi 8 hadi kundi 1 ni njia 7. Ukipata 6, kuna sehemu ya kijiji iliyokatika. Ukipata 8, kuna mzunguko. Andika namba 7 juu ya karatasi na uizungushie duara.

## Kanuni na namba za makundi

Utaratibu tunaotumia ulichapishwa mwaka 1956 na Joseph Kruskal, mwanahisabati wa Marekani. Shuka kwenye orodha kutoka juu. Kwa kila njia jiulize kama vituo vyake viwili tayari vimeunganishwa na njia ulizokwisha kuchukua, moja kwa moja au kwa kupitia vituo vingine. Kama havijaunganishwa, ichukue. Kama vimeunganishwa, iache, kwa sababu itafunga mzunguko. Simama ukishachukua njia 7.

Ugumu uko kwenye swali hilo la kuunganishwa. Kwa vituo 4 unaona kwa macho. Kwa vituo 8 macho huanza kudanganya, hasa mzunguko ukipita vituo vitano. Ndiyo maana hatutazami mchoro kabisa, tunatazama namba. Mpe kila kituo namba ya kundi lake kwa penseli:

Ofisi 1, Soko 2, Zahanati 3, Shule 4, Kisima 5, Mashine 6, Ghala 7, Josho 8.

Vituo viwili vyenye namba moja tayari vimeunganishwa. Vyenye namba tofauti havijaunganishwa. Ukichukua njia, makundi mawili yanakuwa moja, kwa hiyo kundi lenye vituo vichache linafutiwa namba na kupewa ya kundi kubwa. Yakilingana, tumia namba ndogo.

Sasa tushuke na orodha.

Njia ya 1, Soko–Mashine, 200. Namba ni 2 na 6. Chukua. Mashine inakuwa 2.

Njia ya 2, Shule–Zahanati, 300. Namba ni 4 na 3. Chukua. Shule inakuwa 3.

Njia ya 3, Kisima–Josho, 400. Namba ni 5 na 8. Chukua. Josho linakuwa 5. Sasa una vipande vitatu vya barabara visivyogusana, na hilo si kosa. Utaratibu huu haujengi kutoka sehemu moja kwenda nje. Hukusanya vipande popote vilipo na kuviunga baadaye.

Njia ya 4, Soko–Ghala, 450. Namba ni 2 na 7. Chukua. Ghala linakuwa 2.

Njia ya 5, Mashine–Ghala, 500. Namba ni 2 na 2. Acha. Mtu anayetoka Mashine kwenda Ghala tayari anapita Soko.

Njia ya 6, Zahanati–Ofisi, 600. Namba ni 3 na 1. Chukua. Kundi la 3 lina vituo viwili na Ofisi iko peke yake, kwa hiyo Ofisi inakuwa 3.

Hapa pumzika kidogo utazame karatasi. Umechukua njia 5 zenye jumla ya mita 1950. Kundi la 2 ni Soko, Mashine na Ghala. Kundi la 3 ni Zahanati, Shule na Ofisi. Kundi la 5 ni Kisima na Josho. Kila kituo kimeshaguswa na angalau njia moja.

Njia ya 7, Shule–Ofisi, 650. Namba ni 3 na 3. Acha.

Njia ya 8, Ofisi–Soko, 700. Namba ni 3 na 2. Chukua. Makundi yana vituo vitatu vitatu, kwa hiyo tunabaki na namba ndogo, 2. Ofisi, Zahanati na Shule, zote tatu, zinakuwa 2.

Njia ya 9, Zahanati–Soko, 800. Namba ni 2 na 2. Acha.

Njia ya 10, Ghala–Shule, 900. Namba ni 2 na 2. Acha. Hii ndiyo njia ambayo macho huikosa. Vituo hivi viko mbali kwenye mchoro na havina jirani wa pamoja, lakini mzunguko upo: Ghala, Soko, Ofisi, Zahanati, Shule, kisha kurudi Ghala.

Njia ya 11, Mashine–Kisima, 1100. Namba ni 2 na 5. Chukua. Kisima na Josho vinakuwa 2. Hii ni njia ya 7. Simama.

Jumla: 200 + 300 + 400 + 450 + 600 + 700 + 1100 = mita 3750. Njia ya 12 na ya 13 hazina haja ya kuangaliwa, kwa sababu vituo vyote vina namba moja na yoyote utakayoongeza itafunga mzunguko.

## Makosa matatu, na jinsi ya kuyagundua

La kwanza ni kukataa njia kwa sababu vituo vyake viwili vimeshaguswa. Rudi pale tulipopumzika baada ya njia ya 6. Vituo vyote 8 vimeguswa, kwa hiyo mwenye kanuni hii atakataa kila kitu kuanzia hapo, na atabaki na visiwa vitatu vya changarawe vyenye mita 1950. Atafurahia udogo wa jumla yake, wakati mgonjwa wa Kisima hawezi kufika Zahanati. Kuguswa si kuunganishwa. Ofisi na Soko zote zilikuwa zimeguswa kabla ya njia ya 8, lakini ziliguswa na vipande tofauti. Dalili ya kosa hili ni kwamba njia ni chache kuliko 7.

La pili ni ndugu wa la kwanza: kusimama mara tu kila kituo kinapopata njia. Linaishia kwenye visiwa vilevile vitatu. Unaposimamia hesabu simama kwa idadi ya njia, usisimame kwa idadi ya vituo vilivyoguswa.

La tatu huwapata hata walioelewa kanuni vizuri. Kwenye njia ya 8 mtu hubadilisha namba ya Ofisi peke yake kuwa 2 na kuwasahau Zahanati na Shule, ambazo zinabaki na 3. Njia ya 9, Zahanati–Soko, itaonekana kuwa na namba 3 na 2, na ataichukua mita 800 ambazo hazikuhitajika. Kila unapounganisha, pitia orodha nzima ya vituo na ubadilishe kila penye namba iliyofutwa, bila kujali ni kituo gani kiko kwenye ncha ya njia. Dalili yake huwa ni kufikisha njia 7 huku namba za vituo bado hazijafanana, au njia kuzidi 7.

## Kwa nini hakuna mpango mfupi zaidi

Watu kwenye mkutano wa kijiji watauliza, na wana haki. Chukua Ofisi–Soko kama mfano. Kabla ya kuichukua, upande mmoja kulikuwa na Ofisi, Zahanati na Shule, na upande wa pili vituo vingine vyote vitano. Njia zinazovuka kutoka upande huu kwenda ule ni nne tu katika orodha nzima: Ofisi–Soko 700, Zahanati–Soko 800, Ghala–Shule 900 na Ofisi–Kisima 1500. Mpango wowote unaounganisha kijiji lazima utumie angalau moja kati ya hizo nne, la sivyo Shule na Soko hazionani.

Sasa mtu alete mpango wake ambao hauna Ofisi–Soko. Iongeze njia hiyo kwenye mpango wake: utafungika mzunguko, na mzunguko huo lazima uvuke mpaka ule mahali pengine, kwa mfano kwa Zahanati–Soko. Itoe ile nyingine. Kijiji bado kimeunganika, na jumla imepungua kwa mita 100. Hoja hiyohiyo inafanya kazi kwa kila moja ya njia 7 tulizochukua, kwa sababu kila mara tulichukua fupi kuliko zote zilizokuwa zikivuka kutoka kwenye kundi lile.

Kutokana na hoja hiyo unapata kipimo cha kukagua jibu lililokamilika, hata kama limefanywa na mtu mwingine. Chukua kila njia iliyoachwa, tafuta mzunguko ambao ingeufunga, na uhakikishe kwamba hakuna njia ndefu kuliko hiyo ndani ya mzunguko. Ghala–Josho 1200, kwa mfano, ingefunga mzunguko na Ghala–Soko 450, Soko–Mashine 200, Mashine–Kisima 1100 na Kisima–Josho 400. Ndefu kuliko zote ni 1200 yenyewe, kwa hiyo iliachwa kwa haki. Zikaguliwe zote sita hivyo. Ikipatikana hata moja iliyo fupi kuliko mwenzake ndani ya mzunguko, badilisha hizo mbili na jumla itashuka.

## Ukaguzi usiohitaji orodha iliyopangwa

Njia ya zamani kuliko ya Kruskal ilitolewa mwaka 1926 na Otakar Borůvka, aliyekuwa akishughulikia mtandao wa umeme wa Moravia. Inafaa sana kwa ukaguzi kwa kuwa inafika kwenye jibu kwa mlango mwingine.

Katika raundi ya kwanza kila kituo kinataja njia yake fupi kuliko zote. Soko na Mashine zinatajana, 200. Ghala linataja Soko, 450. Shule na Zahanati zinatajana, 300. Ofisi inataja Zahanati, 600. Kisima na Josho vinatajana, 400. Njia zilizotajwa ni 5, na ni zilezile tulizokuwa nazo tulipopumzika. Raundi ya pili, kila kundi linataja njia yake fupi inayotoka nje ya kundi. Kundi la Shule linataja Ofisi–Soko 700, kundi la Soko linataja hiyohiyo, na kundi la Kisima linataja Mashine–Kisima 1100. Njia 7, mita 3750. Majibu mawili yamekutana.

Tahadhari moja: urefu ukilingana, vituo vitatu vinaweza kutajana kwa zamu na kufunga mzunguko. Kwa hiyo njia zenye urefu sawa zipewe kipaumbele kwa namba yake kwenye orodha, na kila mtu afuate kipaumbele hicho. Kwa Kruskal mlingano hauna madhara. Unaweza kupata mti tofauti na wa mwenzako, lakini jumla zitakuwa sawa.

## Kwa kompyuta

Vituo vikizidi 15 hivi, penseli inachosha. Programu hii fupi ya Python inafanya kazi ileile. Badala ya namba, kila kituo kina baba, na mkuu wa kundi ni yule ambaye baba yake ni yeye mwenyewe.

```python
njia = [
    (200, "Soko", "Mashine"), (300, "Shule", "Zahanati"),
    (400, "Kisima", "Josho"), (450, "Soko", "Ghala"),
    (500, "Mashine", "Ghala"), (600, "Zahanati", "Ofisi"),
    (650, "Shule", "Ofisi"), (700, "Ofisi", "Soko"),
    (800, "Zahanati", "Soko"), (900, "Ghala", "Shule"),
    (1100, "Mashine", "Kisima"), (1200, "Ghala", "Josho"),
    (1500, "Ofisi", "Kisima"),
]
baba = {}

def mkuu(x):
    baba.setdefault(x, x)
    while baba[x] != x:
        x = baba[x]
    return x

mti = []
for mita, a, b in sorted(njia):
    ma, mb = mkuu(a), mkuu(b)
    if ma != mb:
        baba[ma] = mb
        mti.append((mita, a, b))

print(sum(n[0] for n in mti), len(mti), len(baba))
```

Inachapisha `3750 7 8`: jumla ya mita, idadi ya njia na idadi ya vituo. Namba ya pili lazima iwe pungufu kwa 1 kuliko ya tatu. Namba ya tatu ikiwa 9 wakati vituo ni 8, kuna jina limeandikwa kwa namna mbili, kwa mfano "Zahanati" na "zahanati", na kompyuta imevihesabu kuwa vituo viwili.

Mstari wa kuchunga ni `baba[ma] = mb`. Ukiandika `baba[a] = b`, programu haitalalamika, lakini itakuwa imerudia kosa la tatu. Soko lilikuwa na baba Mashine. Njia ya Soko–Ghala inampa Soko baba mpya, Ghala, na Mashine inaachwa peke yake kana kwamba haikuwahi kuunganishwa. Kisha Mashine–Ghala inakubaliwa. Kwa orodha hii hii programu yenye kosa hilo inachapisha `5450 9 8`: njia 9 kwa vituo 8, yaani njia mbili za ziada zinazofunga mizunguko.

Ukitumia maktaba ya SciPy, kazi `minimum_spanning_tree` husoma uzito wa 0 kama hakuna njia. Kipande ambacho tayari kina changarawe na hakigharimu kitu usikiandikie 0. Mpe uzito mdogo sana, kwa mfano 0.001.

## Mto ukiingia kwenye hesabu

Mita ni kipimo kizuri pale ardhi inapofanana. Kama njia moja inavuka korongo, badilisha uzito kutoka mita kuwa gharama, au geuza kalavati kuwa mita za changarawe zenye gharama hiyohiyo. Bei ichukuliwe kwenye makadirio ya mhandisi wa wilaya. Kwa Tanzania barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017.

Tuseme mhandisi amesema Mashine–Kisima inahitaji kalavati lenye gharama sawa na mita 300 za changarawe. Uzito wake sasa ni 1400. Huna haja ya kurudia kila kitu. Ing'oe njia hiyo kwenye mti: kijiji kinagawanyika, Kisima na Josho upande mmoja, sita upande wa pili. Orodhesha zinazovuka: Mashine–Kisima 1400, Ghala–Josho 1200, Ofisi–Kisima 1500. Fupi ni Ghala–Josho. Iweke, na jumla mpya ni 3850.

Zoezi hilo la kung'oa lifanye kwa kila njia ya mti hata kabla mhandisi hajafika, ili ujue jibu lako linavumilia makosa ya upimaji kiasi gani. Kisima–Josho inaweza kuongezeka mita 800 kabla ya kupata mshindani. Lakini Soko–Ghala 450 inashindana na Mashine–Ghala 500, na Zahanati–Ofisi 600 inashindana na Shule–Ofisi 650. Tofauti ni mita 50 tu, na simu ikirekodi chini ya miti inaweza kukosea kiasi hicho kwenye njia ya nusu kilomita. Njia hizo nne ndizo za kupimwa upya kwa gurudumu. Nyingine zina nafasi ya mita 100 au zaidi kabla ya kubadilisha uamuzi.

## Mpangilio wa kujenga, na kinachokosekana kwenye mti

Mpangilio wa Kruskal ni wa kuchagua, si wa kujenga. Ukimpa mkandarasi orodha ilivyo, ataanza Soko, ahamie Shule, kisha Kisima, akivuka udongo kila mara na lori la changarawe. Kama barabara kuu inaingia kijijini kwa upande wa Ofisi, panga ujenzi kwa utaratibu uliogunduliwa na Vojtěch Jarník mwaka 1930 na Robert Prim mwaka 1957: anza Ofisi, na kila mara ongeza njia fupi inayotoka kwenye sehemu iliyokwisha jengwa kwenda kituo kipya. Inakuja hivi: Ofisi–Zahanati 600, Zahanati–Shule 300, Ofisi–Soko 700, Soko–Mashine 200, Soko–Ghala 450, Mashine–Kisima 1100, Kisima–Josho 400. Mti ni uleule, na lori linatembea juu ya kazi iliyokamilika muda wote.

Mti huu umepunguza jumla ya barabara, haukupunguza safari ya mtu mmoja mmoja. Kutoka Shule kwenda Ghala kwa changarawe ni mita 2050, wakati njia ya udongo ya moja kwa moja ni 900. Anayetaka kila kituo kiwe karibu iwezekanavyo na Zahanati anatafuta kitu kingine, miti ya njia fupi kutoka kituo kimoja, na jibu lake si hili.

Pia kila njia ya mti ikikatika inatenganisha kijiji, kwa kuwa hakuna njia mbadala. Fedha zikibaki, mizunguko tuliyoikwepa ndiyo inayotafutwa sasa. Ghala–Shule, mita 900, inafunga mzunguko unaolinda njia nne: Soko–Ghala, Ofisi–Soko, Zahanati–Ofisi na Shule–Zahanati. Ghala–Josho, mita 1200, inalinda Soko–Ghala, Soko–Mashine, Mashine–Kisima na Kisima–Josho. Zote mbili pamoja zinalinda kila njia ya mti, kwa jumla ya mita 5850 badala ya 9300. Shule–Ofisi ni fupi zaidi, mita 650, lakini inalinda njia mbili tu, Shule–Zahanati na Zahanati–Ofisi, na kuiacha njia ya Kisima bila mbadala, kwa hiyo iwe ya mwisho kufikiriwa.